Anachoandika afisa uajiri wakati wewe unaongea

Simu ya kwanza ya afisa uajiri huchukua dakika ishirini, ikirefuka sana nusu saa. Anayepiga mara nyingi si fundi wa kazi unayoomba, hana mamlaka ya kukuajiri, na siku hiyohiyo ana watu wengine wa kuwapigia kwa nafasi ileile. Mbele yake kuna fomu: mshahara unaotarajiwa, muda wa notisi, mahali ulipo, na sehemu ndogo ya maelezo kuhusu unachokijua. Ukishakata simu, ucheshi wako na utulivu wa sauti yako haviendi popote. Kinachofika kwa mkuu wa kitengo ni zile namba na mistari minne au mitano ambayo mtu mwingine ameiandika kwa haraka, sikio moja likiwa kwako.

Nimewahi kukaa upande wa mpigaji, na ninachoweza kusema ni kwamba waombaji wengi hujiandaa kujibu maswali, ilhali walipaswa kujiandaa kuandikwa. Ni kazi mbili tofauti. Jibu linaweza kuwa refu, la kweli na lenye busara, lakini likashindwa kuingia kwenye kisanduku kinachotaka namba moja. Afisa akikosa cha kuandika, ataandika alichokielewa yeye.

Tuchukue mwombaji wa mfano. Ni developa wa upande wa seva, anaishi Kimara, Dar es Salaam, ana miaka minne kazini katika kampuni ndogo inayounganisha maduka na malipo ya simu. Ameomba nafasi katika kampuni ya teknolojia ya fedha yenye makao makuu Nairobi na ofisi Masaki. Afisa uajiri amemwandikia ujumbe kwamba atampigia kesho saa nne asubuhi. Ana jioni moja ya kujiandaa, na inatosha.

Jambo la kwanza analolifanya ni kutoa slipu yake ya mshahara. Hapa ndipo simu nyingi huharibika, kwa sababu mtaani mtu akiulizwa analipwa kiasi gani hutaja kinachoingia benki, na afisa uajiri anaandika mshahara kabla ya makato. Slipu ya mwombaji wetu inasema Sh 2,400,000, yote ikiwa mshahara wa msingi, bila posho. NSSF wanachukua asilimia 10, yaani 240,000. Kodi ya mapato ya ajira inapigwa kwenye kinachobaki, 2,160,000: kwa viwango vya Tanzania Bara vya mwaka wa fedha 2024/25, milioni ya kwanza inazaa kodi ya 128,000, na kila kinachozidi kinakatwa asilimia 30. Hiyo ni 476,000 kwa jumla. Kisha inakuja Bodi ya Mikopo, ambayo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 360,000. Mkononi inabaki 1,324,000.

Sasa, yeye kichwani mwake anataka kupokea 1,800,000. Ndiyo namba anayoizungumza na mama yake, ndiyo namba anayoipangia kodi ya nyumba. Kesho akiitamka hivyohivyo, "natarajia kama milioni moja na laki nane," afisa ataandika 1,800,000 kabla ya makato. Yaani mwombaji atakuwa ameomba kushushwa mshahara kwa laki sita, na hakuna atakayemshtua. Afisa atadhani amepata mtu wa bei nafuu. Kosa litagundulika barua ya ajira ikifika, na wakati huo kupandisha namba kunaonekana kama kugeuka.

Ili asiangukie hapo anafanya hesabu ya kurudi nyuma. Kwa mtu mwenye mkopo wa Bodi, ambaye mshahara wake wote ni wa msingi na amevuka milioni moja ya kutozwa kodi, hesabu hiyo inakunjika vizuri:

```
mkononi = 0.48 × mshahara + 172,000
```

Hiyo 0.48 ni kinachosalia kwenye kila shilingi baada ya NSSF, kodi na mkopo. Inauma kuitazama lakini inasaidia, maana inaonyesha kwamba nyongeza ya laki moja kwenye karatasi ni 48,000 tu mfukoni. Asiye na mkopo anatumia 0.63 badala ya 0.48. Mwombaji wetu anaigeuza: akitaka 1,800,000 mkononi anahitaji karibu 3,400,000 kwenye mkataba. Namba hiyo ndiyo sakafu yake.

Anapotaja kiwango, sakafu haiwi namba ya chini. Afisa akisikia "kati ya 3,400,000 na 4,500,000" anashika ya kwanza, na ana haki, kwa sababu umemwambia mwenyewe kwamba utaikubali. Kiwango kipana pia kinamwambia kwamba hujui unachotaka. Kwa hiyo mwombaji anaandika kwenye karatasi: 3,500,000 hadi 4,000,000, kabla ya makato, kwa mwezi. Ile ya chini inampa 1,852,000 mkononi, na anaweza kuisaini bila kinyongo. Maneno "kabla ya makato, kwa mwezi" anayaandika pia na atayatamka, kwa sababu makao makuu yako Nairobi, na namba bila jina la sarafu wala kipindi inaweza kusomwa vingine kabisa na mtu aliyezoea shilingi ya Kenya.

Zipo simu ambazo swali halihusu unachotaka, ila unacholipwa sasa. Huku kwetu linaulizwa bila haya, na mara nyingi mwishoni wanaomba slipu. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 agizo linalowakataza waajiri kuuliza mshahara wa zamani na linalowataka wamjulishe mwombaji kiwango cha nafasi mapema, nchi wanachama zikipewa hadi Juni 2026 kuliingiza kwenye sheria zao. Anayeomba kazi Berlin au Stockholm alijue hilo. Aliyeko Dar ana njia mbili za staha: kuitaja namba ya kweli pamoja na maneno "kabla ya makato", au kusema kwamba angependa wazungumzie bajeti ya nafasi hii. Kuongeza uongo wa laki tano ni hesabu mbovu ikiwa slipu itaombwa.

Na kama kampuni inataka kukulipa kama mshauri badala ya mwajiriwa, meza nzima inabadilika. Kampuni ya nje ikikulipa hivyo unaweza kuona fedha yote imeingia, hakuna NSSF ya mwajiri, hakuna likizo ya malipo, na kodi unaipeleka TRA mwenyewe. Namba ya mshauri na namba ya mwajiriwa haziwekwi kwenye mizani moja. Swali la kuuliza ni fupi: "Huu ni mkataba wa ajira chini ya sheria za Tanzania, au wa huduma?"

Baada ya mshahara, anafungua mkataba wake wa sasa kutafuta kifungu cha notisi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kima cha chini cha siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na inaruhusu pande mbili kukubaliana muda mrefu zaidi ilimradi uwe sawa kwa wote wawili. Kwa hiyo jibu la "notisi yangu ni mwezi" halijakamilika mpaka umesoma maneno yenyewe. Mkataba wa mwombaji wetu unasema mwezi mmoja wa kalenda, kuanzia tarehe mosi ya mwezi unaofuata. Tofauti inaonekana ukiweka tarehe. Akipata barua ya ajira na kuandika notisi tarehe 15 Aprili, siku 28 zingemtoa katikati ya Mei. Kwa maneno ya mkataba wake, notisi inaanza Mei mosi na inaisha Mei 31. Ni zaidi ya wiki mbili, na kampuni mpya inaweza kuwa imepanga mafunzo ya watu wapya mwanzoni mwa Mei.

Wengi huamini likizo itaila notisi. "Nina siku 19 za likizo, kwa hiyo naweza kuanza mapema." Sheria hiyohiyo inakataza notisi kutolewa wakati wa likizo au kwenda sambamba nayo. Siku ambazo hukuzitumia zinalipwa unapoondoka, na kama mwajiri wako ni muungwana mnaweza kuelewana vingine, lakini hilo ni la kuombwa, usilitoe kama ahadi kwenye simu ya mtu mwingine. Vilevile anayeondoka bila kuitumikia notisi anaweza kukatwa mshahara wa muda huo kwenye fedha zake za mwisho. Kampuni mpya kukulipia pengo hilo ni jambo linalozungumzika, ila si katika dakika hizi ishirini.

Kuna kamba nyingine mbili zinazomshika mtu kuliko notisi yenyewe, na afisa uajiri mzoefu atazigusa. Ya kwanza ni mkataba wa mafunzo: kampuni ilikulipia cheti, nawe ukasaini kukaa miaka miwili au kurudisha gharama. Ya pili ni mkopo wa benki uliodhaminiwa na mshahara, hasa kwa wanaofanya kazi benki na wanaokopeshwa kwa riba ya wafanyakazi, ambayo hupanda mtu akiacha kazi. Mwombaji wetu hana yoyote kati ya hizo. Angekuwa nayo, angetakiwa kujua kiasi kilichobaki kabla simu haijaita.

Mwishowe jibu lake la notisi linakuwa tarehe: "Notisi yangu ni mwezi mmoja wa kalenda. Nikipata barua ya ajira kabla ya Aprili kuisha, naanza Juni mosi." Afisa anaandika Juni 1 na kuendelea.

Swali la mahali linaonekana kuwa jepesi, na kwa anayeomba kazi mtaa wa pili ni jepesi kweli. Hapa tangazo lilisema "Nairobi au Dar, baadhi ya siku nyumbani", maneno yanayoficha maswali mawili. Kituo chenyewe ni kipi? Ikiwa ni Nairobi, Itifaki ya Soko la Pamoja ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, haikukufutia kibali cha kazi, na kwa kawaida anayekiombea ni mwajiri, jambo linaloweza kuisogeza ile Juni mosi. Pili, siku ngapi ofisini? Kutoka Kimara, mwendokasi unakufikisha Kivukoni kwa gari moja, lakini Masaki hauendi. Unashukia Morocco na kutafuta usafiri mwingine. Siku mbili kwa wiki anaweza, tatu anaweza kwa shida, tano zitamfanya ahame, na kuhama kuna bei inayorudi kwenye ile sakafu ya mshahara. Anaandika: "Naishi Dar, sihami Nairobi kwa sasa, ofisini hadi siku tatu." Hakuna haja ya kumsimulia afisa foleni ya Ubungo.

Kinachobaki ni muhtasari wa kazi, na huu ndio unaohitaji kusemwa kwa sauti mara kadhaa jioni hiyo. Mtu akiambiwa "nielezee kidogo unachofanya," hujaribiwa na mambo mawili. Ama anaanza na chuo na kufika kazini dakika ya nne, ama anamwaga majina ya zana zote alizowahi kugusa. Sikiliza namna inavyokwenda:

"Mimi ni developa, nafanya Java, Python kidogo, nimegusa Docker, nafanya malipo, API, database, pia huwa nasaidia upande wa sapoti, na timu yetu ni ndogo kwa hiyo tunafanya kila kitu."

Hakuna uongo hapo, lakini jaribu kuiandika. Afisa ataandika "Java, malipo, timu ndogo," na mkuu wa kitengo atakuwa na wengine kumi walioandikwa vilevile.

Mwombaji wetu anaanza na tangazo la kazi, si na wasifu wake. Tangazo linataka Java, Spring Boot, PostgreSQL, na uzoefu wa malipo ya simu. Afisa uajiri ana majina hayo kwenye orodha yake na anasubiri kuyasikia yakitamkwa kama yalivyoandikwa. Ukisema "hifadhidata" huku yeye ana PostgreSQL, hatajua kama umejibu. Kwa hiyo majina manne yanaingia kwenye sentensi ya kwanza. Ya pili inabeba tatizo moja alilolitatua yeye, kwa lugha ambayo mtu asiye fundi anaweza kuirudia bila kuiharibu. Ya tatu inasema sehemu ipi ilikuwa yake na ipi ya wenzake.

Tatizo alilolichagua linajulikana na kila aliyewahi kuunganisha duka na malipo ya simu. Mteja akilipa, mtandao unatuma ujumbe kwenye seva ya duka kuthibitisha. Seva ikichelewa kujibu, mtandao unadhani ujumbe haukufika na unautuma tena. Mfumo usipokuwa makini unahesabu malipo mawili kwa fedha ya mara moja: duka linatoa bidhaa mara mbili, na jioni hesabu hazilingani na taarifa ya mtandao. Hivi ndivyo alivyoandika:

"Nina miaka minne ya Java na Spring Boot, na hifadhidata yetu ni PostgreSQL, kwenye mifumo ya malipo ya simu. Mtandao ulikuwa unatutumia uthibitisho wa malipo yaleyale mara mbili na maduka yanahesabiwa fedha ambayo haipo, nami ndiye niliyebuni na kuandika sehemu inayotambua marudio na kuyakataa. Kuunganisha mitandao yenyewe tulifanya watu watatu, na mimi nilishika mtandao mmoja kati yake."

Kwa mwendo wa kawaida inachukua chini ya dakika moja. Sentensi ya mwisho watu huiacha kwa kuogopa kujipunguza, lakini ndiyo inayofanya zile mbili ziaminike. Mkuu wa kitengo anajua mfumo wa malipo haujengwi na mtu mmoja, na akiona "nilijenga mfumo wote" anaweka alama ya kuuliza.

Nyuma ya maneno "kuyakataa" kuna kitu ambacho mwombaji hakitaji kesho, ila anakiweka karibu kwa usaili wa kiufundi utakaofuata:

```sql
CREATE UNIQUE INDEX muamala_mmoja
ON miamala (mtandao, namba_ya_rejea);
```

Mstari huo unaikataza hifadhidata kupokea namba ileile ya rejea mara mbili kutoka mtandao mmoja, hata nakala mbili zikifika kwa sekunde ileile na kuhudumiwa na seva mbili tofauti. Ukaguzi ulioandikwa ndani ya programu peke yake, "tazama kama ipo, kama haipo ingiza," unaweza kupitwa katikati ya hatua hizo mbili. Mhandisi atauliza hapohapo. Afisa uajiri hatauliza, na ukimwelezea atakuwa ameacha kuandika. Kuacha kuandika kunasikika: vibonye vinanyamaza, "sawa, sawa" zinaongezeka, kisha anauliza jambo ulilokwisha kulieleza. Ukisikia hivyo, rudi kwenye sentensi fupi.

Lugha ya simu nayo ipangwe. Afisa aliyeko Nairobi huenda akaanza kwa Kiingereza na kumalizia kwa Kiswahili, kwa hiyo zile sentensi tatu mwombaji anazisema kwa lugha zote mbili, akizingatia zaidi ile anayojikwaa. Karatasi yake sasa ina mistari minne, na anaibandika ukutani usawa wa macho, kwa sababu simu ya saa nne inaweza kumkuta akiwa amesimama.

Kuna ombi moja la mwisho ambalo wachache hulitoa, na sijaona afisa aliyelichukia: "Kaka, kabla hatujaagana, naomba unisomee ulichoandika kwenye mshahara na tarehe ya kuanza." Kama kimeandikwa "3.5, mkononi", au Juni imekuwa Mei, kinasahihishwa papo hapo. Baada ya simu, ujumbe wa mistari mitatu unaorudia namba zilezile unampa afisa kitu cha kunakili.

Na sasa tuseme afisa anajibu hivi: "Dada, nikwambie ukweli, bajeti ya nafasi hii inaishia 3,100,000." Kwa ile hesabu ya 0.48, hiyo ni 1,660,000 mkononi, chini ya anachotaka, na mwenye sakafu tu angeaga kwa heshima. Lakini jioni ile mwombaji aliangalia pia salio lake la Bodi ya Mikopo, na limebaki 3,000,000. Kwa mshahara mpya makato yatakuwa 465,000 kwa mwezi, yaani deni litaisha ndani ya miezi saba. Kuanzia hapo mshahara uleule utamwachia 2,125,000. Swali lake kwa afisa linabadilika: bima ya afya inawagusa wategemezi, na hizo siku tatu za Masaki zinaweza kuwa mbili? Afisa hana jibu la hayo, ila anayaandika, na safari hii mkuu wa kitengo atayakuta kwenye mistari yake minne.